Betri ya taa ya sola, maandishi yamefutika: ninunue ya 3.2 au ya 3.7?

Banda_la_Kongwa
Mbukwenyi wakuu. Nina taa ya sola ya ukutani inayomulika banda la kuku kule Kongwa. Siku hizi inazima kabla ya saa nne usiku. Nimeifungua nikakuta betri moja ya mviringo, ganda la bluu limepauka kwa jua. Maandishi yaliyobaki ni "650" mwishoni mwa namba, na "3." halafu pamefutika kabisa. Picha nimeweka. Nipo Majengo sokoni, muuzaji ana 26650 ya volti 3.7 na nyingine nene ya volti 3.2. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi?

MzeeWaBahi
Ganda la bluu ni lithiamu fosfeti. Chukua ya 3.2, usihangaike.

Fundi_Makole
Mzee shikamoo, lakini kwa rangi sikubaliani nawe. Ganda ni plastiki tu, kila kiwanda kinavalisha rangi kinayoitaka. Nimeshafungua za bluu zilizokuwa 3.7.
Banda, umetunyima mambo ya msingi. Betri ina urefu gani na unene gani? Umeipima volti? Bodi ya kuchajia ina maandishi gani? Hiyo "650" peke yake inaweza kuwa 18650, 26650 au 32650.

Banda_la_Kongwa
Samahani mkuu. Rula sina. Fundi simu wa jirani ameipima kwa mita, imesoma 2.9. Bodi imebaki Kongwa na taa, nimekuja na betri tu.

Chamwino_Kwetu
Kama ni 2.9 basi ni ya 3.2, maana 3.7 iko mbali. Kesi imeisha.

Fundi_Makole
Haijaisha, ndugu yangu. Mita inakuambia betri imejaa kiasi gani leo, haikuambii imetengenezwa na nini. Ya 3.7 iliyoishiwa husoma 2.9, na ya 3.2 iliyoishiwa husoma hivyohivyo. Ingesoma 3.9 tungejua bila shaka ni ya 3.7, kwa sababu fosfeti ikitulia baada ya kuchajiwa haikai juu hivyo. Ila 2.9 haitusaidii.

Tuanze na ukubwa. Nimeikuza picha yako kwenye skrini nikaipima kwa rula: urefu sm 8.8, upana sm 4. Gawanya, unapata 2.2. Namba hiyo haibadiliki hata picha ikikuzwa, ndiyo maana naipenda. 18650 ni nyembamba, urefu wake ni mara 3.6 ya upana. 26650 ni mara 2.5. 32650 ni kama mara 2.2. Kwa hiyo naona 32650. Lakini umepiga picha huku simu imeinama kidogo, na hilo hufupisha urefu, 26650 ikaonekana kibonge. Nenda kwa fundi cherehani yeyote hapo sokoni, omba futi yake, izungushe kwenye tumbo la betri. Ukipata kama sm 8 ni 26. Ukipata sm 10 ni 32.

Banda_la_Kongwa
Nimepimiwa. Mzunguko ni sm 10 na kidogo. Urefu ni sm 7 kamili.

Fundi_Makole
Basi ni 32650. Usishtuke kwamba urefu si mm 65 kama jina linavyosema, nyingi zinazouzwa kwa jina hilo hufika mm 70 na ndizo hizohizo wengine wanaandika 32700. Hiyo 26650 iache. Ni nyembamba kwa mm 6 na fupi kwa mm 5, itacheza kwenye kishikio na upepo wa Kongwa utaimalizia.
Sasa aina. Kwa unene huo, karibu zote ninazokutana nazo kwenye taa ni fosfeti ya 3.2. Nasema karibu zote. Bodi ndiyo yenye neno la mwisho.

Nkuhungu_Sola
Msikilizeni kuhusu bodi, mimi yalinikuta. Mteja aliniletea taa ya uani, betri imefutika kama hii, nikaweka fosfeti mpya ya 3.2 kwa sababu ilikaa vizuri kwenye kishikio. Sikuangalia bodi. Wiki ya kwanza taa iliwaka hadi alfajiri, mteja akanisifu kwa majirani. Baada ya kama wiki tatu akarudi, taa imekufa. Nilipofungua nikakutana na harufu tamu ya dawa, betri imevuja kwenye kichwa chanya na majimaji yamekula bodi. Kuangalia kwa tochi nikaona TP4056. Hiyo inapandisha hadi 4.2, na fosfeti inatakiwa kuishia 3.65. Kila mchana wa jua la Dodoma ilikuwa inalazimishwa kupita kiasi. Nililipa taa nzima kutoka mfukoni, na ninashukuru ilikuwa ukutani nje, siyo chumbani kwa watoto.

Chamwino_Kwetu
Na kinyume chake je? Ya 3.7 kwenye bodi ya fosfeti?

Nkuhungu_Sola
Hailipuki, ila haijai. Bodi inaacha kuchaji 3.6 hivi, wakati betri hiyo inahitaji 4.2. Taa inazima mapema kila siku na mteja anadhani umemuuzia betri mbovu.

Mama_Mpwapwa
Wanangu, na mimi redio yangu ya sola ina betri ya pembe nne, nzito, haina maandishi. Niweke hiyo nene?

Fundi_Makole
Hapana mama. Ya pembe nne na nzito kwenye redio mara nyingi ni ya risasi, volti 4 au 6. Usiibadilishe kwa lithiamu, chaja yake ni tofauti. Fungua uzi wako uweke picha.

MzeeWaBahi
Mimi nanunua 18650 zilizotolewa kwenye kompyuta za zamani, nazifunga mbili sambamba. Kuna mpya zimeandikwa 9900mAh, hizo ndizo kiboko.

Nkuhungu_Sola
Mzee wangu, sijawahi kupima 18650 inayofika hata 4000. Hiyo 9900 ni wino tu. Za kompyuta afadhali, ila zipimwe moja moja kabla ya kuzifunga pamoja.

MzeeWaBahi
Zangu zina mwaka wa pili na zinawaka.

Banda_la_Kongwa
Tafadhali turudi kwenye taa. Nimenunua ile nene ya 3.2. Nafika Kongwa Jumamosi. Kama bodi nayo imefutika?

Fundi_Makole
Usiweke mpya kwanza. Rudisha ya zamani, iweke taa juani, shika mita kwenye ncha za betri na usiondoke hapo. Kama bodi na betri ni za fosfeti, itapanda hadi 3.3 au 3.4 kisha ikae hapo muda mrefu sana, na bodi ikate karibu na 3.6. Ukiona inapita 3.7, chomoa papo hapo, hiyo ni bodi ya 4.2 na betri uliyonunua haifai. Betri ikipata joto mkononi pia chomoa. Nayo ikichoka sana inaweza kupanda haraka ikakudanganya, kwa hiyo angalia pale bodi inapokata, usiangalie mwendo wake.

Chamwino_Kwetu
Na kama bodi ni TP5000?

Fundi_Makole
Hiyo inaweza kuwekwa 3.6 au 4.2 kulingana na ilivyounganishwa, jina peke yake halitoshi. Lazima apime.

Banda_la_Kongwa
Sawa mkuu. Muuzaji amekubali nirudishe hadi Jumatatu kama sijaondoa ganda. Nitaweka namba za mita hapa Jumamosi jioni, kama mtandao utashika.