Tupeane uzoefu: meshi ilirudia ombi la malipo, mama akakatwa mara 4

Mwenye uzi, Goma
Wakubwa, habari za kazi. Nami naanza. Mama mmoja alilipa ada ya shule, dola 40, kwa simu. Alikuwa na dola 170, akabaki na 10. Alikuja ofisini na simu mkononi, sikuwa na la kumjibu.

Usiku huo nilifungua logi za proksi upande wa malipo. Nikakuta `x-request-id` tatu tofauti, na kila moja imeonekana mara tatu. Kwenye Istio, meshi yetu ya huduma, tuliweka `perTryTimeout: 2s`, `attempts: 2`, na `retryOn: 5xx`. Mwisho wa mwezi hifadhidata huchukua sekunde tatu kuandika. Proksi ikaona kimya, ikatuma tena, huku ombi la kwanza bado linaandikwa. Juu yake, programu yetu nayo ilikuwa inajaribu mara tatu. Tatu mara tatu, maombi tisa. Manne yalipita, salio likagoma.

Fundi, Bukavu
Pole sana. Toa kurudia kwenye programu, iachie meshi. Imekwisha.

Yaya mmoja, Lubumbashi
Hapo umeshika nusu, mdogo wangu. Yatabaki matatu, na bado mama analipa mara tatu. Proksi haijui kama pesa imeshaandikwa, inajua tu kwamba hakuna jibu. Kwenye njia ya malipo zima kabisa:

```
retries:
  attempts: 0
```

Ukiifuta sehemu hiyo tu, Istio inarudi kwenye desturi yake ya kurudia mara mbili. Andika sifuri. Halafu kila malipo yapewe namba na simu ya mteja yenyewe, na hifadhidata ikatae namba iliyokwisha kuingia.

Mgeni, Goma
Kwetu kila kitu kiligoma baada ya umeme kukatika: `CERTIFICATE_VERIFY_FAILED`. Hayo nayo ni marudio?

Yaya mmoja, Lubumbashi
Hapana, hilo ni jambo jingine. Andika `date` kwenye kila mashine. Saa ikirudi nyuma, cheti kipya kinaonekana hakijaanza kufanya kazi. Vyeti vya Istio kwa kawaida ni vya saa 24, kwa hiyo kila siku vinatolewa vipya.

Mgeni, Goma
Kweli, mashine moja ilikuwa nyuma saa mbili. Aksanti, yaya.

Mwenye uzi, Goma
Namba tuliiweka, tukapeleka toleo jipya kwa asilimia 10 ya maombi. Bado malipo mawili yalirudiwa. Mgao huo wa uzito hupimwa kwa kila ombi, si kwa kila mteja: jaribio la kwanza la programu liliangukia toleo jipya, la pili likaenda la zamani lisiloangalia namba.

Fundi, Bukavu
Si ugawe kwa hedi ya mteja badala ya uzito?

Mwenye uzi, Goma
Nimewaza hivyo. Ila wakala mmoja analipia watu wengi kwa simu moja, asilimia 10 ya wateja inaweza kuwa nusu ya maombi. Nani amewahi kugawa njia ya malipo hivyo?