Kompyuta ya mapokezi Shela inanikataa nikiwa Malindi kwa kuwa akaunti haina nenosiri: nichague njia gani?

Mpwa_wa_Shela

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nyumba yetu ya wageni iko Shela, nami ninaishi Malindi. Kompyuta ya mapokezi hutumiwa na shangazi yangu, na akaunti yake haijawahi kuwekewa nenosiri, kwa maana yeye hubonyeza jina lake na kuendelea na kazi. Juma lililopita nilitaka kuingia kwa mbali kwa Remote Desktop nirekebishe orodha ya vyumba vilivyoshikwa, badala ya kupanda basi hadi Mokowe na kuvuka kwa boti. Jina la akaunti niliandika sawasawa, nafasi ya nenosiri nikaiacha wazi, nikajibiwa hivi:

```
Account restrictions are preventing this user from signing in.
```

Njia nilizoziona ni tatu: kuuzima mpangilio unaokataa, kumwekea shangazi nenosiri, au kutumia programu ya kuonyesha skrini kama AnyDesk. Ninavuka Ijumaa, na ningependa kulimaliza jambo hili kwa safari moja. Nishaurini ipi ni bora.

Fundi_Langoni

Waaleikum salaam, kaka. Hujatueleza mambo yanayoamua jibu lenyewe. Windows hiyo ni Home au Pro? Akaunti ya shangazi ni ya ndani ya kompyuta au ni ya Microsoft? Unaifikia vipi kutoka Malindi, kwa njia ya siri ya mtandao, yaani VPN, au umefungua mlango kwenye ruta? Tena, unapoingia, shangazi atakuwa bado amekaa mbele ya kompyuta hiyo au amekwisha kwenda zake?

Jahazi77

Mimi ninaijua shida hii. Fungua mpangilio wa Remote Desktop, ondoa alama kwenye sharti la Network Level Authentication, na utaingia. Sharti hilo ndilo linalotaka uthibitishwe kabla hujaiona skrini, na mtu asiye na nenosiri hana cha kuthibitishia.

Mpwa_wa_Shela

Samahani kwa kuyaacha hayo. Ni Windows 11 Pro, na akaunti ni ya ndani, jina lake `mapokezi`. Kwenye ruta nimefungua mlango namba 3389 kuelekea kompyuta hiyo. Shangazi huwapo mchana kutwa, na mimi huwa na nafasi mchana huohuo.

Fundi_Langoni

Kwanza tafadhali ufunge mlango huo wa 3389 leo hii, kabla ya Ijumaa. Ruta ikikubali kusimamiwa kutoka huko uliko, fanya sasa. Isipokubali, mpigie shangazi simu azime ruta usiku.

Ndugu Jahazi77 amesema kweli nusu. Sharti hilo linahusu wakati wa kuthibitishwa, si hukumu yenyewe. Ukiliondoa utaiona skrini ya kuingilia, utaandika jina, kisha utapewa ujumbe uleule. Anayekataa ni kanuni nyingine, inayoitwa hivi kwenye Local Security Policy:

```
Accounts: Limit local account use of blank passwords to console logon only
```

Kanuni hiyo huja ikiwa imewashwa, na maana yake ni kwamba akaunti ya ndani isiyo na nenosiri hutumika tu na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Sababu yake ni ya wazi. Anayetaka kuibonyeza kompyuta ya mapokezi kwa mkono lazima apite mlangoni, aonekane na shangazi, aulizwe shida yake. Anayekuja kwa mtandao hapiti popote, haonwi na mtu, na akishalijua jina la akaunti hana kitu kingine cha kukisia.

Ukitaka uhakika kwamba chanzo ni hicho, ukifika Shela fungua dirisha la amri kwenye kompyuta hiyo, uandike amri hii, na ukiulizwa nenosiri ubonyeze Enter tu:

```
runas /user:mapokezi cmd
```

Ukipata kosa namba 1327, nenosiri kweli ni tupu na kanuni ndiyo iliyokuzuia. Ukipata 1326, akaunti ina nenosiri ambalo hamlikumbuki, na hapo mazungumzo yetu yanabadilika. Wengi huichanganya misiba hii miwili kwa sababu yote huishia kwenye kukataliwa.

Duka_la_Vifaa_Mld

Kaka, niruhusu nieleze yaliyonipata, kwa sababu nilikuwa mahali hapo ulipo. Nilikuwa na duka la kuchapisha na kupiga nakala hapa Malindi. Fundi niliyemwita alifungua sajili ya Windows, akaibadilisha thamani inayoitwa `LimitBlankPasswordUse` kutoka 1 kuwa 0, na mimi nikafurahi, kwa sababu jioni ileile niliingia nikiwa nyumbani. Akaunti yangu iliitwa `Admin`, ilikuwa na mamlaka yote, haikuwa na nenosiri, na ruta ilikuwa wazi kama yako.

Haikufika mwezi. Asubuhi moja nilikuta kila faili ina mkia wa herufi nisizozijua, na katikati ya skrini kuna barua ya kudai fedha. Diski ya akiba nilikuwa naiacha imechomekwa usiku na mchana, kwa hiyo nayo ilifungwa. Kazi za harusi, vitabu vya hesabu na barua za wateja zilipotea zote. Baadaye mtu mwingine alinifungulia Event Viewer, sehemu ya Security, tukaona maingizo namba 4625 yamejaa kurasa kwa kurasa, kila moja likiwa na jina la kukisiwa, kisha saa nane na dakika chache za usiku likatokea 4624 moja lenye Logon Type 10 na jina langu. Mgeni hakuvunja chochote. Alilipata jina, akabonyeza, akakaribishwa. Sikulipa, wala sikuzipata faili zangu.

Jambo ambalo yule fundi hakunieleza ni kwamba thamani hiyo haihusu Remote Desktop peke yake. Folda nilizozishiriki kwenye mtandao wa duka nazo zilifunguka kwa mtu yeyote aliyepewa intaneti ya wateja.

Amina_Mkomani

Pole sana, kaka wa duka. Kwa haya tuliyoyasoma, njia ya kwanza ifutwe kabisa. Mwekee shangazi nenosiri jepesi, jina la nyumba na mwaka, na jambo limekwisha.

Fundi_Langoni

Dada Amina, hapo naomba usimame kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wema wanapojidhuru. Akaunti tupu ikilindwa na kanuni ile haifikiki kwa mtandao hata kidogo. Siku unapoiwekea `shela2024`, kanuni inaacha kuilinda, kwa kuwa nenosiri si tupu tena, na sasa mtu yeyote anaweza kujaribu kukisia. Umetoka kwenye mlango uliofungwa ukaenda kwenye mlango wenye kufuli la kitoto. Kwa mtandao, nenosiri dhaifu ni baya kuliko kukosa nenosiri. Ukiamua kuweka, liwe refu, maneno manne au matano yasiyohusiana.

Urefu huo hautamchosha shangazi, kwa sababu nenosiri likishawekwa ataweza kuongezewa PIN ya tarakimu chache. PIN hiyo hukubaliwa kwenye kompyuta ileile tu. Aliye mbali haiwezi kumfaa, lazima awe na nenosiri lenyewe.

Neno moja la tahadhari: usiliweke kwa amri ya `net user` ukiwa msimamizi. Kubadilisha nenosiri la mtu kwa nguvu namna hiyo kunaweza kumpotezea manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, na naamini ya tovuti za kupokea wageni yamo humo. Mkae pamoja, yeye mwenyewe aingie Settings, Accounts, Sign-in options, Password, kisha Add.

Baharia_Linux

Kwangu ni hivyohivyo, ila ni seva ya Linux. Nililifuta nenosiri kwa `passwd -d` na SSH ikanikataa. Je, niweke `PermitEmptyPasswords yes`?

Fundi_Langoni

Hapana, ndugu, hilo ni kosa lilelile kwa vazi jingine. Tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen`, uupeleke kwa `ssh-copy-id` baada ya kulirudisha nenosiri, kisha uingie kwa ufunguo. Wala usiiache akaunti tupu, kwa sababu aliyemo ndani ya seva ataweza kuivaa kwa `su` bila kuulizwa neno. Ukitaka zaidi, fungua uzi wako, tusimpoteze mwenye swali.

Mpwa_wa_Shela

Nashukuru, mlango wa ruta nimekwisha kuufunga. Ila hofu yangu ni shangazi. Ana umri, na nikimwambia leo kuna PIN, ataona nimemfungia chombo chake mwenyewe. Hakuna njia ya kumwacha kama alivyo?

Fundi_Langoni

Ipo, na kwa hali yako naipenda kuliko zote. Iache `mapokezi` ikiwa tupu, kanuni ibaki imewashwa na kuilinda, kisha ujitengenezee akaunti yako yenye nenosiri refu. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi:

```
net user mpwa * /add
net localgroup "Remote Desktop Users" mpwa /add
```

Nyota ile hukufanya uulizwe nenosiri bila kuonekana kwenye skrini. Orodha ya vyumba ihamishieni `C:\Users\Public\Documents`, kwa sababu akaunti yako haitasoma folda binafsi za shangazi. Kutoka Malindi pita kwenye njia ya siri ya mtandao kama WireGuard, si mlango wazi.

Amina_Mkomani

Lakini Windows hii ya kawaida hairuhusu watu wawili kwa wakati mmoja. Kaka akiingia mchana, shangazi ataondolewa huku mgeni amesimama mbele yake na mizigo.

Fundi_Langoni

Ni kweli, dada. Shangazi ataulizwa kwenye skrini kama anakubali, na asipojibu kwa muda mfupi atatolewa. Programu zake hubaki wazi, na akirudi anabonyeza jina lake kama siku zote. Kama kaka angetumia akaunti ya shangazi yenye nenosiri, skrini ingefungwa mara moja, na kila mara shangazi angehitaji PIN kurudi.

Duka_la_Vifaa_Mld

Kwa kazi ya mchana, mimi naona AnyDesk inafaa zaidi, kwa sababu wote wawili wataiona skrini moja na kaka atamwelekeza kwa simu. Shangazi akubali mwenyewe kila mara, na nenosiri la kuingia bila idhini lisiwekwe.

Jahazi77

Bado naamini kuiondoa alama ile kungesaidia, lakini nitajaribu kwenye kompyuta yangu nilete majibu.

Mpwa_wa_Shela

Nimerudi kutoka Shela. Kosa lilikuwa 1327, kama fundi alivyosema. Nimetengeneza akaunti yangu na WireGuard inafanya kazi. Jana usiku niliingia kutoka Malindi nikarekebisha vyumba viwili vilivyoandikiwa wageni wawiliwawili. Leo adhuhuri nilijaribu tena, shangazi akaliona swali kwenye skrini, akabonyeza kukataa, akanipigia simu kuniuliza ni nani anayetaka kuingia kwenye kompyuta yake. Nimemweleza. Anasema mchana nisubiri hadi amalize na wageni, na bado hatujakubaliana ni saa ngapi.