Mjadala: Bei ya huduma iandikwe wazi, au mteja aombe makadirio kwanza?

Aliyeuliza

Ninaandaa ukurasa wa huduma zetu za kupaka rangi nyumba na ofisi. Mbia wangu anataka bei ziandikwe waziwazi. Mimi naona kila kazi ina mambo yake, kwa hiyo ni heri mteja ajaze fomu, twende tukaione kazi, ndipo tumpe bei. Nani kati yetu ana hoja nzito zaidi, na kwa nini?

Msimamizi wa Majengo

Nitasema kama mtu anayelipa, si kama anayelipwa. Kazi yangu ni kutafuta mafundi wa majengo ya kupangisha, na bajeti yangu hupitishwa kabla fundi hajafika kuona ukuta. Ukurasa usio na bei hata moja haunisaidii kujua kama huduma hiyo iko ndani ya uwezo wetu. Nikijaza fomu ninaombwa namba ya simu, kisha ninapigiwa mara kwa mara na mtu ambaye bado hataki kunitajia hata kiwango cha kukaribia. Mara nyingi siijazi, naenda kwa mwingine.

Lipo jambo linaloniudhi kuliko hilo. Niliwahi kuomba makadirio ya ngazi na korido za jengo moja, na fundi akauliza jengo ni la nani kabla hajauliza kuta zina ukubwa gani. Nilipomjibu kuwa ni la taasisi, alileta bei iliyozidi mno ile aliyompa jirani yetu kwa kuta za aina ileile. Tangu hapo naamini kwamba anayeficha bei anataka kwanza kuupima mfuko wa mteja.

Mwanafunzi wa Uchumi

Malalamiko yako ni ya haki, lakini tusidhani kwamba uwazi hushusha bei kila mara. Mwaka 1993 mamlaka ya ushindani ya Denmaki ilianza kuchapisha bei halisi ambazo wauzaji wa zege iliyochanganywa tayari walikuwa wakiwatoza wateja wao. Nia ilikuwa kuchochea ushindani. Kabla ya mwaka mmoja kupita tangu bei zianze kuchapishwa, bei za aina za zege zilizochapishwa zilikuwa zimepanda kwa asilimia 15 hadi 20, kwa sababu kila muuzaji sasa aliona wenzake wanatoza kiasi gani, na hakukuwa tena na faida ya kumpunguzia mteja kwa siri. Kwa hiyo mimi namuunga mkono aliyeuliza: bei zikianikwa, wanaozisoma kwa makini zaidi ni washindani.

Fundi wa Siku Nyingi

Ndugu uliyeuliza, wewe na mbia wako mnabishania jumla, na jumla si kitu cha kwanza ambacho mteja anahitaji kukijua. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kuta za urefu wa mita 2.5. Mzunguko wake ni mita 14, kwa hiyo kuta zote ni mita za mraba 35, na ukiondoa mlango na dirisha la kawaida zinabaki kama 32. Kwa mikono miwili ya rangi unapaka mita za mraba 64, na kwa kuwa lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, utahitaji lita 6 na nusu hivi. Hesabu hiyo mteja anaweza kuifanya mwenyewe kwa futi ya kupimia, na hakuna siri yoyote ndani yake.

Siri iko kwenye hali ya ukuta. Chumba hichohicho, kama rangi ya zamani imeshika vizuri, fundi mmoja huosha, huziba vitundu vya misumari, hupaka mkono wa kwanza, husubiri ukauke, hupaka wa pili, na siku ya pili jioni amemaliza. Kama rangi ya zamani inabanduka, atakwangua, atapaka rangi ya msingi, atapiga skimu ya kusawazisha ukuta, atasubiri ikauke, atapiga msasa, na huenda akarudia skimu mahali penye mawimbi, ndipo aanze kupaka. Hapo siku 2 huwa 4 au 5, ilhali rangi ya juu ni ileile. Mtu anayeandika bei moja tu kwa mita ya mraba ataikosea mojawapo ya kazi hizo: ama atamtoza mwenye ukuta mzuri gharama za ukuta mbovu, ama atapata hasara kwenye ukuta mbovu, kisha aanze kulipua kazi ili aifidie.

Mimi ningeandika bei mbili za mita ya mraba, moja ya ukuta ulioshika na nyingine ya ukuta unaobanduka, na ningemweleza mteja namna ya kuutambua ukuta wake. Abandike utepe wa gundi, aukandamize vizuri, kisha aung'oe kwa nguvu. Ukitoka na magamba ya rangi, ukuta ni wa bei ya pili. Apitishe pia kiganja juu ya ukuta mkavu. Kikitoka na unga mweupe, rangi imechakaa na haiwezi kubeba rangi mpya bila kuandaliwa. Ukuta wenye unyevu singeuwekea bei kabisa, kwa sababu ukipaka rangi kabla ya kuziba chanzo cha maji, malengelenge yatarudi hata ukipaka rangi nzuri namna gani. Hapo ndipo fomu yako ina kazi ya maana.

Mshonaji

Kwa upande wangu naona bei isiandikwe, kwa sababu mteja hupenda kupatana. Nikiandika bei ya suti, anayekuja hudai nimpunguzie kutoka hapo, na nikikataa anaona nimemdharau. Nisipoandika, tunazungumza mpaka kila mmoja anaridhika.

Fundi wa Siku Nyingi

Mshonaji, hapo umegusa mapatano ya bei, nalo ni suala jingine. Mwenzetu hakuuliza kama apunguze au asipunguze. Shida yake ni kwamba hajui ukubwa wa kazi kabla ya kuiona, na hilo lingebaki hata kama wateja wake wote wangelipa bila kuomba punguzo.

Karani wa Ofisi ya Mawakili

Napenda kumjibu mwanafunzi wetu, kwa sababu mfano wake ni wa kweli lakini ameuhamishia mahali usipolingana. Zege la Denmaki liliuzwa na kampuni chache, na kilichochapishwa ni bei halisi zilizotokana na mapatano ya faragha na kila mteja. Fundi wa rangi anayeandika bei yake ya kawaida hajafichua alichompunguzia mteja fulani, wala hamzuii mwenzake kutoza chini yake.

Katika fani yangu kuna mfano ulio karibu zaidi na swali. Tangu Desemba 2018, mawakili wa Uingereza na Welisi wanalazimika kuandika bei kwenye tovuti zao kwa huduma kadhaa, zikiwemo ununuzi wa nyumba na mirathi isiyo na mgogoro. Kanuni hiyo haidai jumla moja isiyobadilika. Pale ambapo jumla haiwezekani, wakili huweka wastani au kiwango cha chini na cha juu, akaeleza ada yake inakokotolewaje, ni kazi gani zimo ndani ya bei na zipi hazimo, gharama zipi zitalipwa kwa watu wengine, na kama kodi imejumuishwa. Kazi kama mirathi yenye mgogoro haikuingizwa, kwa sababu hakuna ajuaye mapema mgogoro utachukua muda gani. Naona mgawanyo huo unafanana na wa Fundi: andika bei ya kazi inayojirudia, na usijifanye unaijua bei ya kazi usiyoweza kuiona mwisho wake.

Niongeze onyo kuhusu neno "kuanzia". Ukiandika "kuanzia kiasi fulani", na kiasi hicho kinapatikana tu kwa chumba kidogo kitupu chenye ukuta usio na dosari, basi karibu kila mteja atakayekupigia ataambiwa bei iliyo juu ya ile aliyoisoma. Atajiona amevutwa kwa hila, nami sioni jinsi ya kumlaumu.

Mwanafunzi wa Uchumi

Nakubali kwamba tofauti ya bei halisi na bei ya kawaida ni muhimu, na sikuitilia uzito. Hata hivyo, pale ambapo mafundi ni watatu au wanne tu, wote wakaandika bei ya mita ya mraba, sioni kitakachowazuia kusogeleana taratibu bila hata kukutana. Hoja hiyo bado sijaona imejibiwa.

Aliyeuliza

Nashukuru. Wazo la bei mbili limenigusa, lakini nina hofu kwamba mshindani atasoma bei yangu na kuandika yake chini kidogo. Pia nitajuaje kama viwango nilivyoandika si sahihi?

Fundi wa Siku Nyingi

Mshindani anaweza kuipata bei yako leo kwa kumtuma mtu ajifanye mteja, kwa hiyo ukimya wako haukulindi sana. Andika chini ya bei ni mikono mingapi ya rangi, ni nani ananunua rangi, nani anahamisha samani na nani anafunika sakafu. Aliyeshusha bei kwa kupunguza mkono mmoja wa rangi ataonekana.

Kuhusu usahihi, weka daftari. Kwa kila ombi andika saa ulizotumia kwenda kupima na kuandaa makadirio, kama kazi ilipatikana, na mwishowe mteja alilipa kiasi gani ukilinganisha na bei iliyoandikwa. Ukiona unakwenda kupima kazi nyingi na kupata chache, huku wengi wakisema hawakutarajia bei hiyo, ujue ukurasa hauwaelezi vya kutosha kabla hawajakuita. Ukiona wanaokubali wengi ni wenye kuta mbovu, bei yako ya pili iko chini mno. Na kila mara rangi inapopanda dukani, rekebisha bei na uandike tarehe, maana bei ya zamani isiyo na tarehe italeta ugomvi.

Kazi kubwa za ofisi, zenye majukwaa ya kupandia au zinazofanyika usiku wakati wafanyakazi hawapo, ziache kwenye fomu.

Msimamizi wa Majengo

Hapo kwenye kazi kubwa ndipo ninapotofautiana nawe, Fundi, kwa sababu ndizo kazi zangu. Sikatai kwamba jukwaa na kazi ya usiku vinabadilisha jumla. Lakini kodi ya jukwaa kwa siku inajulikana, na nyongeza ya kazi ya usiku inajulikana pia. Ukiziandika mbili hizo pembeni ya bei ya mita ya mraba, nitaweza kuomba bajeti inayokaribia ukweli kabla hujaja kupima.

Fundi wa Siku Nyingi

Kodi ya jukwaa naweza kuiandika, hilo nakubali. Idadi ya siku ambazo litasimama siwezi, kwa sababu mara nyingi hutegemea kama wapangaji wako wataondoka vyumbani kwa tarehe mliyoahidi.