Msaada: duka langu la kona limetoka na ncha kama mbele ya jahazi, na vigae vya sebuleni vinakataa kukaa

Chaki_ya_Ilala
Wakuu habari za jioni. Nachora mandharinyuma za katuni fupi ya watoto, dakika tatu hivi. Scene ya kwanza ni mtaa: duka la kona la ghorofa moja, mama anakaanga maandazi barazani, mtoto anakuja kutoka mbali mpaka anafika kwake. Scene ya pili ni sebule yenye sakafu ya vigae.

Kanvasi ni 1920 kwa 1080, natumia Krita. Mtaa nimeuchora kwa gridi ya nukta mbili, zile ambazo mistari ya nyumba hukutania kwenye upeo. Mstari wa upeo umepita katikati, nukta moja ipo 510 kutoka kushoto, nyingine 1410. Nilitaka zote nizione kwenye skrini. Kila mstari nimeuelekeza kwenye nukta yake, nimekagua mara tatu. Bado kona ya duka chini imechongoka, na nyumba za pembeni zimevutika kama zimeyeyuka. Mtoto naye akiwa mbali anaonekana jitu, akisogea anakuwa mdogo kuliko mlango. Nakosea wapi?

Msafiri_77
Dada, shida ni programu. Hamia Blender, jenga maboksi, weka kamera, imeisha.

Chaki_ya_Ilala
Asante kaka, ila laptop yangu haiwezi, na nataka kujua kuchora kwa mkono.

Kijiti
Nukta zako zimekaribiana mno. Zitoe nje ya karatasi, moja huku moja kule, mbali kadiri uwezavyo. Mimi huwa naziweka mara tatu ya upana na sijawahi kupata tatizo. Kwa vigae ni rahisi: mstari wa kwanza ukishauweka, nafasi inayofuata ipunguze nusu, inayofuata nusu tena, mpaka uishe.

Fundi_Upeo
Kijiti kapatia nusu. Kuzitoa nje ni sawa, lakini "mbali kadiri uwezavyo" si kipimo. Ukizipeleka mbali sana mtaa unalala bapa, kama umepigwa picha kwa lenzi ya kuvuta.

Chaki, kwanza ujue kwa nini kona imechongoka. Nukta zako zimeachana pikseli 900. Chora duara linalopita kwenye nukta zote mbili, kituo chake kikiwa katikati yao. Nusu kipenyo ni 450. Kona yoyote ya mraba ikikaa ndani ya duara hilo inaonekana butu, kama tunavyoiona kona ya nyumba tukisimama barabarani. Ikitoka nje ya duara inachongoka chini ya nyuzi 90, na jicho linakataa. Chini ya upeo una pikseli 540, kwa hiyo kona ya baraza lako bila shaka imevuka duara. Kwa nukta hizo umechora kama mtu mwenye lenzi ya takribani nyuzi 130, ndiyo maana nyumba za pembeni zinavutika.

Sasa tafuta kipimo chako. Chagua upana wa lenzi, tuseme nyuzi 60. Kwa kanvasi ya 1920, jicho la mtazamaji linakuwa takribani pikseli 1660 mbele ya picha. Panua kanvasi kwa muda, kisha kutoka katikati ya mstari wa upeo shuka moja kwa moja chini pikseli 1660, weka alama. Hapo ndipo jicho liliposimama. Weka pembe ya skwea kwenye alama hiyo, mikono miwili ikielekea juu. Inapokata mstari wa upeo ndipo nukta zako zilipo.

Duka likikukabili sawa pande zote mbili, nukta zitakuwa 1660 kushoto na 1660 kulia. Mimi nisingefanya hivyo, linakuwa gumu kama boksi la sabuni. Zungusha skwea mpaka ya kushoto iwe 960 kutoka katikati, yaani ukingoni kabisa mwa picha yako. Ya kulia itaenda takribani 2880. Uso wa duka wenye baraza na maandazi uelekeze kwenye nukta hiyo ya mbali, utaonekana mpana na wazi. Ubavu wa uchochoroni uende kwenye ya karibu, ujibane. Na nyumba ya jirani ikiwa imekaa upande mwingine, usiilazimishe kutumia nukta za duka. Zungusha skwea palepale, upate jozi yake.

Chaki_ya_Ilala
Nimejaribu sasa hivi, kona imefunguka! Nimeweka `Assistant Tool`, nikachagua `Vanishing Point` mara mbili nje ya kanvasi, na kwenye brashi nimewasha `Snap to Assistants`. Mtoto je?

Mama_Leya
Hili la mtoto nilihangaika nalo mwaka mzima kwenye katuni ya shule ya chekechea. Nilikuwa nampima kwa macho kila fremu. Siku hizi nauliza swali moja tu: upeo unamkata wapi?

Sema jicho la kamera lipo mita 1.5 kutoka ardhini. Popote mtu anaposimama kwenye ardhi hiyohiyo, kutoka unyayo wake hadi upeo ni mita 1.5. Mtoto wa mita 1 akisimama pikseli 300 chini ya upeo, urefu wake ni 200. Akiwa mbali, nyayo zikiwa 150 tu chini ya upeo, ni 100. Mlango wa mita 2.1 pale kwenye 300 ni 420. Kwa hiyo mtoto wako kichwa chake hakigusi upeo hata siku moja, labda apande ngazi ya baraza. Mimi kwa katuni za watoto huteremsha jicho hadi mita 1, halafu kila mtoto wa kimo hicho utosi wake unatembea juu ya mstari wa upeo.

Fundi_Upeo
Sahihi kabisa, Mama Leya.

Turudi kwenye vigae. Kijiti, tuifuate kanuni yako hadi mwisho. Sebule ni nukta moja, ya katikati. Jicho mita 1.5, kigae sentimita 60, mstari wa kwanza upo ukingo wa chini, 540 chini ya upeo. Kwa lenzi ileile mistari inayofuata inakaa 478, 429, 389. Nafasi ni 62, 49, 40. Ukikata nusu unapata 62, 31, 15 na kuendelea, jumla haivuki 124. Sakafu yako itagota 416 chini ya upeo na haitasogea tena, hata chumba kiwe kirefu kama uwanja.

Chaki hana haja ya hesabu. Gawa ukingo wa chini kwa sehemu sawa za pikseli 216, vuta mistari kwenda nukta ya katikati. Kisha kwenye upeo weka alama 1660 kulia kwa nukta hiyo, kipimo kilekile cha mtaani. Kutoka mwanzo wa kigae kimoja cha kushoto vuta mstari mmoja wa mshazari hadi alama hiyo. Kila unapokata mstari wa kigae, pitisha mstari mlalo. Ukimaliza, kagua kwa mshazari mwingine: ukipinda badala ya kupita kona kwa kona, kuna mstari umeuweka kwa kukisia.

Kijiti
Nimechora zote mbili nikazilinganisha. Ya kwangu mshazari umepinda. Nimeelewa.

Chaki_ya_Ilala
Mungu awabariki. La mwisho: nataka kamera itembee na mtoto mtaani, mandharinyuma ya 5000 kwa upana. Nukta ziwe ngapi?

Mama_Leya
Mimi huchora nyumba za mbele bapa kabisa, uchochoro mmoja mmoja ndio naupa nukta yake.

Fundi_Upeo
Hapo hatukubaliani. Uchochoro wa hivyo ukipita katikati ya skrini hauzunguki, unateleza kama picha ya ukutani. Mimi hukata leya tatu zenye kasi tofauti, na pembe za mbali nazifunika kwa mti au nguzo ya umeme.

Mama_Leya
Nguzo ngapi kwenye pikseli 5000, mkuu? Tuonyeshe moja uliyomaliza.

Fundi_Upeo
Nitapandisha kesho nikifika kazini.