Naomba ushauri: kwa nini ini hutengeneza ketoni mtu akifunga, badala ya kumalizia asetili-KoA lenyewe?

Habari zenu wakuu. Nasoma maabara ya tiba hapa Mwanza, na kikundi chetu cha kujisomea pale Nyegezi kimekwama.

Mtu akikaa siku mbili bila kula, mafuta ya akiba yanafika kwenye ini. Tuchukue palmitati yenye kaboni 16: beta-oksidesheni inaikata mara 7 na kutoa asetili-KoA 8. Hapo tumeelewana. Shida ni kwamba kila asetili-KoA inahitaji oksaloasetati ili iwe sitrati na kuingia kwenye mzunguko wa asidi ya sitriki, na muda huo ini linaivuta oksaloasetati hiyohiyo kutengeneza glukosi. Asetili-KoA zinarundikana kama sangara mwaloni barafu ikiwa haba, zinageuzwa asetoasetati na beta-hidroksibutirati, kisha zinasafiri kwenda kwenye moyo, misuli na ubongo.

Mwenzangu anabisha. Anasema beta-oksidesheni yenyewe inazalisha NADH nyingi, na hiyo ndiyo inasukuma oksaloasetati kuwa malati. Naona ana hoja, maana malati hutoka kwenye mitokondria na kuendelea hadi glukosi. Sasa hizi ni sababu mbili tofauti, au ni njia moja tunayoitazama kutoka pande mbili?

Na kuhusu ini kushindwa kutumia ketoni zake, kwenye mtihani inatosha kusema halina kimeng'enya cha thioforasi? Waliosahihisha karatasi hizi naomba mnijibu.