Msaada: simu ipi inasoma kadi ya kamera kwa OTG? Samsung A15 au Oppo A38

PichaZaZiwa
Wadau habari za jioni. Napiga picha za harusi na send-off hapa Mwanza, wateja siku hizi wanataka picha chache ziwafikie usiku uleule hata kabla keki haijakatwa. Laptopu siwezi kutembea nayo ukumbini kila mara, nataka nitoe kadi kwenye kamera, niichomeke kwenye simu kwa kadi rida, nichague picha nitume. Nina kama laki nne, nimeangalia Samsung A15 na Oppo A38. Pia kuna Tecno ya shemeji yangu ya tundu la maikro anauza rahisi. Ipi ina OTG ya uhakika? Nataka kununua Jumamosi hii.

Kirumba_Boy
Chukua yoyote yenye Taipu-C mkuu, zote zina OTG, hiyo ya maikro achana nayo.

FundiMakoroboi
Kabla watu hawajaanza kukutajia simu, jibu kwanza haya: kadi yako ni GB ngapi, imefomatiwa kwenye kamera au kwenye kompyuta, na unapiga JPEG au RAW? Bila hayo hakuna anayeweza kukujibu.

@Kirumba_Boy Taipu-C nyingi zinakubali, ila tundu peke yake sio uthibitisho, na za maikro nazo zipo nyingi zinazokubali. Kwenye maikro kuna pini tano, ile moja inaitwa ID, na waya wa OTG unaiunganisha na ile ya graundi ndipo simu inajua kwamba sasa yenyewe ndio mwenyeji. Ndio maana mtu anachukua waya wa chaji wa kawaida, anaufungia kichwa cha kike cha USB, halafu anasema simu haina OTG. Waya ule ID yake inaning'inia haijaunganishwa popote, simu itajuaje?

Mwana_Nyegezi
Mimi niko chuo, natumia kibodi ya waya kuandika tasnifu kwenye simu na inakubali vizuri, nachomeka tu naandika, hata mausi nikichomeka kishale kinatokea kwenye skrini. Shida ni kwamba tundu limeshikwa na kibodi siwezi kuchaji, na umeme ukikatika jioni ndio basi. Kwa hiyo kaka nunua kibodi ya blututhi.

PichaZaZiwa
@Mwana_Nyegezi asante ila mimi sio kibodi ndugu yangu, ni kadi ya kamera.
@FundiMakoroboi kadi ni GB 64, naifomati kwenye kamera yenyewe (Canon), napiga JPEG na RAW pamoja.

FundiMakoroboi
Hapo sasa tunaongea. Kadi yako imeandikwa SDXC, sio? Kadi zinazozidi GB 32 kamera inazifomati kwa exFAT, za GB 32 kushuka inazifomati kwa FAT32. FAT32 kila simu yenye OTG inasoma. exFAT simu nyingi za bei ya chini, hasa za miaka ya nyuma, hazisomi. OTG yake nzima kabisa, taa ya kadi rida inawaka, halafu simu inaandika Unsupported au Corrupted na kukuomba u-Format. Watu wanalaumu waya, wanalaumu kadi rida, kumbe simu haijui kusoma mpangilio wa kadi.

Samsung nyingi zinasoma exFAT, kwa hiyo kati ya hizo mbili mimi ningeelekea A15. Oppo OTG ipo ila ina swichi yake kwenye setingi, tafuta neno OTG utaona OTG connection, uiwashe, na usipoitumia kama dakika 10 inajizima. Wengi wamerudisha simu dukani kwa ajili ya swichi hiyo tu. Exfat kwenye hiyo A38 sijaipima mwenyewe, kwa hiyo usinunue kwa maneno yangu. Nenda na kadi rida yako na kadi yenye picha, chomeka palepale kaunta, fungua folda ya DCIM, kopi picha moja iingie kwenye simu ndipo utoe hela.

RAW zako galari inaweza isizionyeshe, ila kukopi zinakopika. Zako za kutuma ni JPEG.

DadaWaSengerema
Hilo neno Format naomba wote mlisome mara mbili. Mdogo wangu aliolewa, mpiga picha akampa kadi yote ili tuchague wenyewe, tukaenda kwenye stesheneri moja (sitaitaja) kuhamishia kwenye simu ya kijana wa pale maana printa yake ilikuwa inatoa kwenye simu. Akachomeka, ikaja ile taarifa ya kwamba kadi ina tatizo, akagusa, akagusa tena, mimi nimesimama naangalia nikadhani ndio anafungua. Kumbe amefomati. Akaanza kuniambia kadi ilikuja tupu! Mpiga picha alipopigiwa akasema msipige hata picha moja kwenye hiyo kadi, msiiandikie kitu, nileteeni. Akaiweka kwenye laptopu akaiendesha na PhotoRec usiku kucha. Picha nyingi zilirudi, ila majina yote yamepotea, zimechanganyikana za kanisani na za ukumbini na za sherehe ya mtu mwingine kabisa ya nyuma, na video za baba akitoa nasaha hazikufunguka hadi leo. Baba alifariki mwaka uliofuata. Kwa hiyo simu ikikuomba kufomati, chomoa, basi.

PichaZaZiwa
Pole sana dada. Hilo nimelishika.

Kirumba_Boy
Pole dada. Lakini si kuna kale kaswichi pembeni ya kadi, ka Lock? Ukikashusha simu haiwezi kufomati.

FundiMakoroboi
Kwa SD kubwa ndio, na kadi rida nyingi zinakaheshimu, ingawa sio zote. Kashushe hata hivyo. Na njia rahisi kuliko zote mkuu: nunua kadi mbili za GB 32, zifomati kwenye Canon yako, zitakuwa FAT32, basi hata Tecno ya shemeji inaweza kukufaa kama OTG inayo. Usilazimishe ile 64 iwe FAT32 kwa kompyuta, kamera ukiifomati tena inarudi exFAT. Zipo pia apu zinazosoma exFAT zenyewe bila kutegemea simu, Paragon wana moja, ila katikati ya harusi sitaki mtu ahangaike na apu.

mvuvi_wa_data
Mbona hamzungumzii flashi? Nimenunua flashi imeandikwa 2TB pale stendi, kwenye simu inaonyesha 2TB kweli ila filamu nikiweka nyingi za mwanzo hazifunguki. Ni OTG mbovu?

FundiMakoroboi
Hiyo ni feki, chipu yake ni ndogo imedanganywa namba, ikijaa inaandika juu ya za zamani. Simu yako haina kosa. Ijaze yote kwa H2testw kwenye kompyuta utaona uwezo wake halisi.

mvuvi_wa_data
Mh. Na muuzaji ananiambia nibadilishe simu.

Mwana_Nyegezi
Na hadi disku kama ile ya laptopu inakubali kwenye simu? Nataka kuhifadhi tasnifu.

Kirumba_Boy
Inakubali, ya kwangu ilizunguka.

FundiMakoroboi
Kuzunguka sio kusoma. Nyingi zinavuta umeme kuliko simu inavyotoa, utasikia inalia tik tik inajizima. Weka habu yenye chaji yake.

DadaWaSengerema
Mwenye aifoni je? Mpiga picha wetu mpya anayo.

Kirumba_Boy
Kuanzia 15 ina Taipu-C, anachomeka tu.

PichaZaZiwa
Wadau, muuza simu wa mtaa wa Rufiji anasema hafungui boksi kwa kupima mpaka nilipie. Kuna duka hapa mjini wanaruhusu kupima na kadi yako?