Njooni, kaeni na ile ni ya mwisho

Neema: Jamani nataka kutuma tangazo la kikao cha ukoo, niandike "njoni mapema, kaani viti vya mbele" au?

Kaka Juma: Njooni, o mbili. Na ni kaeni. Ukiwaamrisha wengi unaweka "eni" mwisho basi

Neema: Sasa mbona njooni haina e?

Shangazi: Juma umepatia nusu mwanangu. Kinachobandikwa ni NI peke yake, hiyo e ni ile a ya mwisho imegeuka. Angalia kaa, ina a mbili, ya kwanza haiguswi, ya mwisho ndo inageuka e, unapata kae, unaunga ni, kaeni. Kwa hiyo kaani siyo na kaaeni siyo. Soma someni, ngoja ngojeni, nenda nendeni, zote njia hiyo hiyo. Njoo haiishii na a, hakuna cha kugeuza, unaiacha na o zake mbili unaunga ni. Ukiandika njoni umemeza o moja, we tamka polepole utaisikia, njo-o-ni, mkazo uko kwenye ile o ya pili

Mama Asha: Mi nilijua ni inaachwa mbali kidogo, kama "mgeni ni huyu"

Shangazi: Hiyo ni nyingine mamaa, hiyo ni neno linalojitegemea. Hii ya kuamrisha haikai peke yake, "kae ni" usiiandike kabisa

Baba Asha: Kazini kwetu meseji zinakuja "rudieni saa nane", iko sawa?

Kaka Juma: Sawa si ina eni

Shangazi: Hapana Juma. Rudi inaisha na i, unaunga tu, rudini. Jaribu jaribuni, samehe sameheni, hizo hazibadiliki. Rudieni imetoka kwenye rudia, wataulizana warudie kitu gani 🙏🏾

Neema: Na nikitaka waniletee vitabu? Nileteni?

Shangazi: Nileteeni vitabu, e mbili, maana imetoka kwenye letea, e ya kwanza ilikuwepo na ya pili ni a iliyogeuka. Nileteni ya e moja ni kama wewe ndo unaletwa, mzigo. Ukiwa na wasiwasi toa ni ya mwisho uone kinachobaki, nilete au niletee, utajua tu

Baba Asha: Na kujeni je? Naisikia kila siku

Shangazi: Watu wanaisema sana kweli, wamechukua kuja wakaipitisha njia ya kaa. Kwenye maandishi rasmi mi naandika njooni

Kaka Juma: Mi kujeni sioni ubaya wake, kula si inakuwa kuleni na kunywa kunyweni? Tofauti iko wapi

Shangazi: Tofauti ni kwamba kuja ina njoo yake tayari, kula haina

Kaka Juma: Bado hujanishawishi shangazi 😅